Siku nane za likizo na kodi inayozisubiri

Mfanyakazi mmoja ana mkataba unaompa siku 21 za likizo kwa mwaka. Mwaka wa hesabu umefungwa akiwa amechukua siku 13. Zimebaki nane, na mwajiri anamruhusu kuzihamishia mwaka unaofuata. Mshahara wake ni 2,200 kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, yaani 100 kwa siku. Mhasibu anaandika deni la 800, kwa sababu haki ya siku hizo nane imeshapatikana kwa kazi iliyokwisha kufanyika, na malipo yake bado. IAS 19, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mafao ya wafanyakazi, inataka hivyo: likizo inayoweza kuhamishwa huingia vitabuni mfanyakazi anapoitolea jasho, hata kama ataichukua baadaye.

Kisha faili linahamia kwenye ukokotoaji wa kodi. Sheria za kodi hazifanani, na zipo zinazoruhusu gharama hii mara inapoingia vitabuni. Lakini zipo pia zinazosema gharama ya likizo iliyolimbikizwa itaruhusiwa siku itakapolipwa, si kabla. Chini ya sheria ya aina hiyo, ile 800 iliyopunguza faida ya vitabuni inarudishwa juu ya faida kabla kodi haijapigwa. Kwa kiwango cha asilimia 30, mwajiri analipa kodi ya ziada ya 240 mwaka huu. Mwaka ujao, siku nane zikishalipwa, faida itakayotozwa itapungua kwa 800 na ile 240 itarudi kwa njia ya kodi ndogo zaidi. Kati ya tarehe hizo mbili kampuni ina kitu chenye thamani mkononi, nacho ndicho mali ya kodi iliyoahirishwa.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Ugumu uko kwenye kujua uzidishe nini.

Swali moja la kuuliza kila deni

IAS 12, inayohusu kodi ya mapato, inaeleza jambo hili kupitia msingi wa kodi. Msingi wa kodi wa deni ni thamani yake vitabuni, ukitoa kiasi kitakachoruhusiwa kama gharama ya kikodi katika miaka ijayo. Kwa likizo yetu, vitabu vina 800, na miaka ijayo itaruhusu 800 yote. Msingi wa kodi ni sifuri. Tofauti kati ya 800 na sifuri ni 800, na ukiizidisha kwa asilimia 30 unapata 240.

Wengi huelezwa msingi wa kodi kwa picha ya mamlaka ya kodi kuwa na mizania yake pembeni: vitabu vyetu vina deni la 800, vyao havina, basi tofauti ni 800. Kwa likizo picha hiyo inatoa jibu sahihi, ndiyo maana inapendwa. Ila ipeleke kwenye tengo la faini. Tuseme kampuni imevunja sheria, imetenga 10,000 kwa ajili ya faini, na faini hairuhusiwi kama gharama ya kikodi, leo wala siku itakapolipwa. Mizania ya mamlaka haina deni hilo pia. Kwa picha ile ungesema tofauti ni 10,000 na ungeandika mali ya kodi ya 3,000 ambayo haipo, kwa kuwa hakuna siku ambayo faini hiyo itapunguza kodi ya mtu yeyote.

Fuata maneno ya IAS 12 na jibu linajirekebisha. Vitabu vina 10,000, kitakachoruhusiwa baadaye ni sifuri, kwa hiyo msingi wa kodi ni 10,000 na tofauti hakuna. Kwa sababu hiyo nimeiacha picha ya mizania mbili, na kila deni naliuliza swali moja: siku litakapolipwa, faida inayotozwa kodi itapungua kwa kiasi gani kwa sababu ya malipo hayo? Jibu la swali hilo ndilo linalozidishwa kwa kiwango cha kodi. Likizo inajibu 800. Faini inajibu sifuri. Tengo la waranti kwa bidhaa zilizouzwa kwa kawaida hujibu kiasi chake chote, ikiwa sheria inaruhusu gharama za matengenezo zinapolipwa. Tengo la kesi hujibu sehemu kwa sehemu: fidia kwa mteja huenda ikaruhusiwa, adhabu iliyoambatana nayo isiruhusiwe, na hapo tengo moja kwenye mizania linagawanywa mara mbili kwenye hesabu ya kodi.

Angalia pia kwamba swali hilo linahusu deni lililobaki mwisho wa mwaka, si gharama ya mwaka. Toleo la kwanza la IAS 12, la mwaka 1979, liliangalia tofauti za wakati kati ya faida ya vitabuni na faida ya kikodi. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 1996 lilihamisha macho kwenye mizania. Hadi leo nakuta watu waliosoma toleo jipya lakini bado wanaanzia kwenye gharama ya mwaka, na makosa mengi ya eneo hili yanazaliwa hapo.

Miaka miwili ya kampuni moja

Chukua kampuni inayoanza biashara, isiyo na tofauti nyingine yoyote ya kodi isipokuwa likizo na waranti. Kiwango cha kodi ni asilimia 30, na vyote viwili vinaruhusiwa vikilipwa tu.

Mwaka wa kwanza faida kabla ya kodi ni 400,000. Ndani yake kuna gharama ya likizo iliyolimbikizwa 20,000 na tengo la waranti 50,000, na hakuna kilicholipwa. Faida inayotozwa kodi ni 470,000, na kodi ya mwaka ni 141,000. Mwisho wa mwaka madeni mawili yana jumla ya 70,000, kwa hiyo mali ya kodi iliyoahirishwa ni 21,000. Ingizo ni debiti mali ya kodi iliyoahirishwa 21,000, krediti gharama ya kodi 21,000. Gharama ya kodi kwenye taarifa ya faida na hasara inabaki 120,000, ambayo ni asilimia 30 kamili ya 400,000.

Mwaka wa pili ndio wenye mafunzo. Faida kabla ya kodi ni 450,000. Madeni yametembea hivi:

```
                        Likizo    Waranti     Jumla
Salio la kuanzia        20,000     50,000    70,000
Gharama mpya            18,000     25,000    43,000
Yaliyolipwa            (12,000)   (30,000)  (42,000)
Yaliyofutwa                  0     (5,000)   (5,000)
Salio la mwisho         26,000     40,000    66,000
```

Ile 5,000 ni sehemu ya tengo la waranti ambayo haikuhitajika tena. Muda wa waranti wa bidhaa fulani umekwisha bila mteja kurudi, na mhasibu ameirudisha kwenye faida ya mwaka.

Sasa kodi. Anza na 450,000. Ongeza gharama mpya 43,000, kwa kuwa bado hazijalipwa. Toa 42,000 zilizolipwa, kwa kuwa mwaka huu sheria inaziruhusu. Toa na 5,000 iliyofutwa, kwa sababu ni mapato yaliyotokana na gharama ambayo haikuwahi kuruhusiwa, hivyo kuitoza kodi ni kuitoza mara ya pili. Unabaki na 446,000, na kodi ya mwaka ni 133,800.

Kodi iliyoahirishwa haihitaji safari hiyo yote. Salio la mwisho ni 66,000, mara asilimia 30 ni 19,800. Mwanzo wa mwaka ilikuwa 21,000. Mali imepungua kwa 1,200, na hiyo ni gharama. Jumla ya gharama ya kodi ni 133,800 na 1,200, yaani 135,000. Asilimia 30 ya 450,000 ni 135,000.

Huo ulinganifu wa mwisho ndio kipimo chetu. Njia mbili zisizotegemeana, moja ikipitia mienendo ya mwaka na nyingine ikitazama masalio tu, zimekutana kwenye namba moja. Zisipokutana, na hakuna faini, kitu kingine kisichoruhusiwa kabisa wala badiliko la kiwango cha kodi, mojawapo ina kosa, na ukubwa wa pengo mara nyingi unakuonyesha kosa lenyewe.

Mahali mambo yanapoharibika

Kwanza ile 5,000. Kufuta tengo hakuonekani kama malipo, na hakuna hundi wala risiti ya kumkumbusha mtu. Ukisahau kuitoa, faida inayotozwa inakuwa 451,000, kodi ya mwaka 135,300, na jumla na kodi iliyoahirishwa inafika 136,500. Pengo ni 1,500. Ligawe kwa asilimia 30 unapata 5,000, kisha rudi kwenye jedwali la mienendo utafute 5,000. Njia hii ya kugawa pengo kwa kiwango cha kodi ni rahisi mno, lakini imeniokolea saa nyingi kuliko programu yoyote ya hesabu.

Likizo ina hila yake, na hii ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo.

Waranti ikilipwa unaiona: fundi amelipwa, vipuri vimenunuliwa, ankara ipo. Likizo ikilipwa huoni kitu. Yule mfanyakazi mwenye siku nane anakwenda likizo, na mwisho wa mwezi anapokea 2,200 kama mwezi mwingine wowote. Hakuna mstari kwenye orodha ya mishahara unaosema 800 ya hizi inalipia siku za mwaka jana. Mshahara wote unaingia kwenye gharama ya mishahara. Kampuni nyingi hazigusi deni la likizo mwaka mzima. Mwisho wa mwaka huchukua rejesta ya siku zilizobaki, huhesabu deni jipya, na kuandika ingizo la tofauti pekee. Kwa mfano wetu, deni limetoka 20,000 hadi 26,000, hivyo gharama iliyoandikwa kwa jina la likizo ni 6,000 tu. Ile 12,000 iliyolipwa imo ndani ya mishahara, kimya.

Ukiongeza 6,000 kwenye ukokotoaji, uko sahihi. Ukiongeza 18,000 na kutoa 12,000, uko sahihi pia, maana ni 6,000 ileile. Balaa linaanza pale mtu mmoja anapochanganya. Niliwahi kukabidhiwa hesabu za kampuni ambayo idara ya rasilimali watu ilitoa ripoti nzuri ya siku mpya zilizolimbikizwa ndani ya mwaka, na aliyekokotoa kodi akaziongeza zote kwa thamani ya 18,000. Alipotafuta malipo ya likizo kwenye leja hakuyaona, kwa hiyo hakutoa kitu. Kodi ilipanda kwa asilimia 30 ya 12,000, yaani 3,600. (Namba ni za mfano wetu, kosa ni lilelile.) Kodi iliyoahirishwa ilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa ilitokana na salio. Ulinganisho wa gharama ya kodi na asilimia 30 ya faida ulionyesha pengo la 3,600, na aliyetangulia alikuwa ameliandika kama tofauti ya kudumu, yaani isiyorudi miaka ijayo, ili hesabu zifungike. Fedha halali ya kampuni ilikuwa imelipwa kodi pasipo sababu, na kwenye taarifa ikapewa jina lililomfanya msomaji yeyote asiulize zaidi.

Tangu hapo kila ninapokuta tofauti ya kudumu isiyoelezwa kwa jina la gharama halisi, naigawa kwa kiwango cha kodi na kuiweka kando ya jedwali la likizo. Tofauti ya kudumu ya kweli ina jina: faini, au gharama nyingine ambayo kifungu fulani cha sheria kinaikataa moja kwa moja. Ukiingiza ile faini ya 10,000 kwenye mwaka wa pili, faida kabla ya kodi inashuka hadi 440,000, lakini faida inayotozwa inabaki 446,000 na gharama ya kodi inabaki 135,000. Asilimia 30 ya 440,000 ni 132,000. Pengo la 3,000 linabaki, linaelezeka kwa neno moja, na halitarudi kamwe.

Jambo jingine kuhusu likizo ni neno kulipwa lenyewe. Soma sheria yako inasema nini hasa. Sheria inaweza kuhesabu gharama kuwa imelipwa fedha inapotoka, au inaweza kuihesabu inapostahili kulipwa. Inaweza pia kutoa nafasi ya muda fulani baada ya mwaka kufungwa, ili yaliyolipwa ndani ya muda huo yahesabiwe ya mwaka uliokwisha. Penye nafasi ya namna hiyo, sehemu ya salio la likizo haina tofauti ya muda hata kidogo, kwa sababu imeshapunguza kodi ya mwaka huohuo. Kuizidisha tena kwa asilimia 30 ni kudai punguzo lilelile mara mbili.

Na kama deni la likizo limejumuisha mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii juu ya mshahara wa siku hizo, mchango huo uulizwe swali lake wenyewe. Mara nyingi utafuata njia ya mshahara, lakini kifungu chake kinaweza kuwa kingine.

Kiwango kikibadilika

Kodi iliyoahirishwa hupimwa kwa kiwango kitakachotumika siku deni litakapolipwa, mradi kiwango hicho kimeshatungiwa sheria, au kimefika hatua ambayo kwa hakika ni sawa na kutungwa, kabla ya tarehe ya mizania. Tuseme kabla ya mwaka wa pili kufungwa imepitishwa sheria inayoshusha kiwango hadi asilimia 25 kuanzia mwaka wa tatu. Kodi ya mwaka wa pili haiguswi, ni 133,800. Lakini salio la 66,000 sasa litaokoa asilimia 25 tu, yaani 16,500. Mali ilikuwa 21,000, imepungua 4,500. Kati ya hizo 1,200 ni mwenendo wa kawaida, na 3,300 ni athari ya kiwango, ambayo ni asilimia 5 ya 66,000. Gharama ya kodi inakuwa 138,300.

Mkurugenzi anayesikia kodi imeshushwa na kuona gharama ya kodi imepanda atauliza, na ana haki. Jibu ni kwamba kampuni ililipa kodi ya mapema kwa asilimia 30 na itarudishiwa kwa asilimia 25. Hiyo 3,300 ionyeshwe peke yake kwenye maelezo ya hesabu, isifichwe ndani ya mwenendo.

Mali hii haipunguzwi thamani kwa kuangalia muda, hata kama waranti italipwa miaka mitatu ijayo. IAS 12 inakataza. Tengo lenyewe linaweza kuwa limeshapunguzwa kwa thamani ya leo chini ya IAS 37, inayohusu matengo, na hapo unazidisha namba iliyoko vitabuni jinsi ilivyo. Na kwenye mizania iliyogawanywa kwa mali na madeni ya karibuni na ya mbali, kodi iliyoahirishwa yote hukaa upande wa mbali, hata ile ya likizo itakayochukuliwa mwezi ujao.

Je, kutakuwa na faida ya kupunguza?

Mpaka hapa nimechukulia kwamba siku deni litakapolipwa kutakuwa na faida ya kutozwa kodi. Hilo lazima lithibitishwe, kwa sababu punguzo lisilokuta faida halimwokolei mtu kitu. IAS 12 inataka mali hii iandikwe kwa kiasi ambacho kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupatikana kuliko kutopatikana.

Mahali pa kwanza pa kutazama si bajeti, ni madeni ya kodi iliyoahirishwa ambayo kampuni tayari inayo. Tuseme kampuni hiyohiyo ina mashine ambazo sheria ya kodi imeruhusu uchakavu wake haraka kuliko vitabu, na tofauti imefika 50,000. Tofauti hiyo itageuka kuwa faida ya kutozwa kodi miaka inayokuja, iwe biashara imefanya vizuri au vibaya. Ikigeuka katika miaka ileile likizo na waranti zinapolipwa, au katika miaka ambayo hasara ya kikodi inayotokana na malipo hayo inaweza kuhamishiwa, basi 50,000 kati ya ile 66,000 imeshapata pa kupunguzia bila kutegemea utabiri wa mtu. Inabaki 16,000, yenye kodi ya 4,800 kwa asilimia 30, na hiyo ndiyo peke yake inayohitaji ushahidi wa faida za baadaye.

Kwa kampuni yenye historia ya hasara, ushahidi huo unatakiwa kuwa na uzito: mikataba iliyosainiwa, au chanzo cha hasara kinachotambulika na kilichokwisha. Matarajio ya menejimenti hayatoshi. Ushahidi huo usipokuwepo, 4,800 haiandikwi. Lakini tofauti ya 16,000 yenyewe haifutwi kwenye jedwali. Inaendelea kuandikwa chini ya kichwa cha tofauti ambazo mali yake haijatambuliwa, inatajwa kwenye maelezo ya hesabu, na inapimwa upya kila mwaka unapofungwa. Nimeona jedwali ambalo mstari huo ulikuwa umefutwa kwa sababu haukuwa na namba ya kuingiza vitabuni. Miaka miwili baadaye kampuni ilirudi kwenye faida, ikalipa waranti zake, na hakuna aliyejua tena kwamba malipo yale yalikuwa na punguzo la kodi linalodaiwa.